Fungua breka, fungua vali: namna tatu za kuandika orodha ya huduma ya mtambo wa upepo kwa Kiswahili, na ipi ipande mnarani

Niliketi na mafundi watatu kwenye karakana moja ya Ngamiani, hapa Tanga, nikiwa na rasimu ya orodha ya huduma na swichi ya mota niliyoiazima. Mmoja alikuwa anajiandaa kwenda Mufindi, kwenye mitambo mitatu ya upepo ya Mwenga. Wawili ni mafundi wa mota za kiwandani, watu waliozoea kutia kufuli kwenye swichi kabla ya kuigusa mashine. Nilimwita kila mmoja peke yake, nikamsomea mstari mmoja: "Fungua breka ya pampu, kisha fungua vali ya kutolea mafuta." Nikamwomba anionyeshe mpini wa swichi, yaani breka yenyewe, utakuwa wapi akimaliza.

Wawili waliuelekeza kwenye I, yaani umeme unapita. Wa tatu alishika mpini, akasita, akaniuliza, "Mwalimu, unataka niiwashe au niizime?"

Mstari ule niliuandika mimi, na ulikuwa tafsiri sahihi ya maneno yaliyomo kwenye kitabu cha mtengenezaji. Kitabu kilitaka swichi izimwe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilinganisha namna za kuandika orodha hizi. Ninazozijua ni tatu. Ya kwanza ni Kiswahili kitupu, kila kitu kimetafsiriwa, pamoja na majina ya vifaa. Ya pili ni safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Ya tatu ni sentensi za Kiswahili zinazoacha majina ya vifaa kama yalivyobandikwa kwenye paneli na yanavyosomeka kwenye skrini. Nitazipima zote tatu kwa kazi moja tu, kuingia ndani ya habu, kitovu cha rota kinachoshika mapanga, kubadilisha hozi ya mafuta ya kugeuzia mapanga hayo. Kazi hiyo ina umeme, ina presha ya mafuta, na ina rota ya tani nyingi inayotaka kuzunguka, na zote zinakutana kwenye ukurasa mmoja.

Kitenzi kimoja, maana mbili zinazopingana

Kwa fundi aliyesoma umeme kwa Kiingereza, kufungua saketi ni kuikata, kwa sababu njia ya umeme imeachana. Kwa vali, kitenzi kilekile ni kuruhusu mafuta yapite. Kwenye kazi yetu vitendo vyote viwili vinaelekea kwenye usalama: umeme wa pampu unakatika, na mafuta yenye presha yanarudi tangini. Msomaji wa Kiingereza anaona neno lilelile mara mbili na hapotei, kwa kuwa alifundishwa hivyo chuoni.

Sisi hatusemi hivyo. Kufungua kwetu ni kuachia. Unafungua bomba maji yatoke, unafungulia redio isikike. Kufunga ni kuzuia. Ukimwambia mtu wa Tanga afungue breka, ameelewa umeme upite, na yuko sawa kwa lugha yake.

Hatari yenyewe haiko kwenye kuwasha kitu kilichozimwa. Fundi anapofika juu, swichi ya pampu huwa tayari iko kwenye I, kwa sababu mtambo ulikuwa kazini. Anasoma "fungua breka", anaangalia, anaona imeshafunguka kwa maana anayoijua yeye. Anaweka tiki na kuendelea, bila kugusa kitu chochote. Hata mwenzake aliyesimama kando hawezi kumkosoa, maana hakuna kosa lililoonekana. Kisha anafungua vali, presha inashuka, na pampu za namna hii huwekwa zijiwashe zenyewe presha ikipungua chini ya kiwango. Dalili ya kwanza atakayoipata ni mlio wa mota, au sindano ya geji iliyokataa kutulia kwenye sifuri. Hapo akiwa bado hajalegeza hozi, ana bahati. Presha ya mafuta ya kugeuzia mapanga inaweza kupita baa 200, na mafuta yakichuruzika kwenye tundu dogo kwa presha hiyo hupenya ngozi.

Kuna watu watakaosema kosa hili lingekamatwa kwa kurudisha tafsiri kwenye Kiingereza, njia ambayo kampuni nyingi huidai. Halikamatwi. Mtafsiri wa pili atachukua "fungua breka", atairudisha kwa kitenzi cha Kiingereza kilekile kilichokuwa kwenye asili, na mkaguzi ataona maneno yanafanana kabisa. Kosa limekwenda na kurudi bila kuguswa. Jaribio la mpini, lile la karakanani, lilichukua dakika kumi na likalikamata. Kwa hatua za kukata na kutenga nishati, kama una fedha ya jaribio moja tu, lipa hilo.

Mafundi wakanionyesha na jambo jingine ambalo mimi nisingeliona mezani kwangu. Mtambo wa upepo una breka ya umeme na una breki ya kushika rota. Herufi moja ndiyo tofauti, na kwenye redio ya mkononi, upepo wa kusi ukipiga kwenye kinasa sauti, hakuna tofauti kabisa. "Funga" na "fungua" nazo zinapishana kwa silabi moja. Ukichanganya, una maagizo manne yanayosikika karibu sawa: funga breki, fungua breki, funga breka, fungua breka. Mwenye kitabu cha Kiingereza hakujua kwamba kwetu vitu hivi vingegongana.

Kiswahili kitupu

Namna hii ina heshima yake. Fundi anasoma lugha moja, macho hayarukiruki, na mwanafunzi wa chuo anaweza kuusoma ukurasa mzima bila kuuliza. Kwa kufundishia darasani naipenda.

Mnarani inakwama kwenye majina. Mtafsiri akiandika "kivunja mzunguko cha pampu", fundi ana paneli mbele yake yenye swichi ishirini, na hakuna hata moja iliyoandikwa hivyo. Zimeandikwa `Q1`, `Q2`, `Q3`. Akiandika "weka mtambo kwenye udhibiti wa hapohapo", skrini inasema `LOCAL`. Lazima fundi atafsiri kurudi nyuma akiwa amevaa glavu, na hapo ndipo kubahatisha kunapoanza.

Kisha kuna maneno ya kamusi yanayopoteza kabisa. Chombo kinachohifadhi presha ya mafuta kwa msaada wa gesi ya naitrojeni nimekiona kimeandikwa "betri", kwa sababu neno lake la Kiingereza liliwahi kutumika kwa betri. Fundi anayesoma "hakikisha betri haina nguvu" atatafuta vituo viwili vya kupima volti. Mimi huandika mtungi wa presha, kwa kuwa kila mtu anaujua mtungi wa gesi na anajua kwamba mtungi haufunguliwi ovyo. Jina hilo linasaidia na kwenye ukweli ambao vitabu huupitia haraka: geji ya mafuta ikisoma sifuri, upande wa mafuta umeisha, lakini naitrojeni bado imebanwa ndani ya mtungi. Sifuri ile inaruhusu kulegeza hozi. Kuulegeza mtungi wenyewe ni kazi nyingine yenye hatua zake.

Safu mbili

Wasimamizi hupenda safu mbili, na sababu zao ni za kweli. Mhandisi mgeni na fundi wa hapa wanaweza kuelekeza kidole kwenye mstari mmoja. Mkaguzi anaona asili iko palepale. Sheria za mashine za Ulaya zinataka maelekezo yaliyotafsiriwa yaandikwe wazi kwamba ni tafsiri na yaambatane na maelekezo asili, kwa hiyo mtengenezaji wa huko ameshazoea karatasi za aina hii.

Tatizo lake ni upana. Karatasi ya A4 ukiigawa mara mbili, mstari wa "Tia kufuli lako kwenye mpini wa `Q3`" unavunjika vipande vitatu, na herufi zinapungua ili zitoshe. Kwenye habu unasoma kwa taa ya kichwani, umepiga magoti, kamba ya usalama ikikuvuta kiunoni. Nimewaona watu wakisoma nusu ya sentensi kushoto wakaimalizia kulia.

Na safu mbili haiponyi kitenzi. Kama Kiswahili kimeandikwa "fungua breka", kukaa karibu na Kiingereza chake kunamfanya fundi aamini kwamba kimehakikiwa.

Iweke safu mbili kwenye faili la ofisini na kwenye kontena la vifaa chini ya mnara. Hapo ndipo mgeni na mwenyeji wanapopangia kazi kabla ya kupanda, na mezani pana nafasi.

Kiswahili chenye majina ya paneli

Namna hii inaacha `Q3` iwe `Q3`. Kinachotafsiriwa ni kitendo na hali inayotakiwa kuonekana kikishatendeka. Nimejiwekea sheria ya vitenzi vichache, kila kimoja na kazi yake. "Simamisha" ni kwa mtambo, kwa kitufe cha skrini. "Zima" silitumii peke yake, kwa sababu mtu huzima kwa kitufe akadhani amekata umeme, na kitufe cha kusimamisha, hata kile chekundu cha dharura, hakitengi nishati yoyote. Kwa swichi siandiki kitenzi, naandika mahali pa mpini: kwenye 0. "Fungua" na "funga" nimeziachia vali na milango. Nati zinakazwa na kulegezwa. Kufuli linatiwa na kutolewa. Breka siitaji tena kwa jina hilo. Ni swichi `Q3`, ili breki ibaki peke yake.

Huu hapa ni ulinganisho wa hatua nne, upande wa kushoto tafsiri ya neno kwa neno, upande wa kulia ile waliyoikubali mafundi. Majina `Q3`, `V2` na `P1` ni ya mfano wangu. Kila mtambo una yake.

| Neno kwa neno | Kadi ya mnarani |
|---|---|
| Rota ifungwe. | Ingiza pini ya rota mpaka mwisho. Tia kufuli lako kwenye pini. |
| Fungua kivunja mzunguko cha pampu. | Swichi `Q3`: mpini kwenye 0. Tia kufuli lako na kibao chenye jina lako. |
| Hakikisha hakuna volteji. | Pima chini ya `Q3`, upande wa mota. Andika vipimo 6. |
| Fungua vali ya mifereji. | Vali `V2`: fungua, mafuta yarudi tangini. Geji `P1` isome 0. |

Mstari wa kwanza una jambo la mpangilio. Kwenye mitambo ambayo breki ya rota hushikwa kwa presha ya mafuta, ukiondoa presha umeondoa na breki. Ndiyo maana pini hutangulia, na tafsiri isiyotofautisha breki na pini, ikasema tu "ifungwe", inamruhusu fundi aiamini breki. Tena "ifungwe" haisemi na nani. Kwenye kadi kila fundi anayeingia habu anatia kufuli lake mwenyewe na ufunguo anakaa nao mfukoni. Wakiingia wawili, makufuli ni mawili.

Mstari wa tatu ndio niliotumia muda mwingi kuliko yote. "Hakikisha" ni neno linalopendwa na watafsiri kwa sababu linatoshea kila mahali. Kwa Kiingereza kuna kuangalia, kuna kukagua, kuna kuthibitisha kwa kipimo, na sisi tunazimimina zote kwenye "hakikisha". Nilipowauliza mafundi wangehakikishaje kwamba umeme haupo, mmoja alisema angetazama taa ya paneli kama imezimika. Mwingine akatoa tesita yake ya bisibisi. Taa inaweza kuwa imeungua. Tesita ya bisibisi hutegemea mwili wako na sakafu uliyosimamia, na chumba cha juu ya mnara si mahali pa kuitegemea.

Kwa hiyo hatua ile moja nimeivunja kuwa tatu. Kwanza, kijaribu kipima volti cha ncha mbili kwenye umeme unaojua kwamba upo, kionyeshe. Pili, kupima: fezi na fezi mara tatu, kila fezi na ethi mara tatu, namba sita ziandikwe kwenye visanduku sita. Tatu, kukirudisha kipimo kwenye umeme ule wa kwanza kuona bado kinafanya kazi, kwa sababu kipimo kilichokufa katikati ya kazi nacho husoma sifuri. Fundi wa Mufindi alilalamika kwamba visanduku ni vingi. Nikamwambia, kaka, tiki moja unaweza kuiweka ukiwa bado chini, namba sita huwezi. Akakubali vibaki.

Na kama kazi ingekuwa kwenye kabati la kibadilisha umeme badala ya pampu, ungeongezeka mstari wa kusubiri. Kapasita zake hubaki na chaji baada ya swichi kuwa kwenye 0. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye mlango wa kabati, na kadi inauchukua kama ulivyo hapo.

Sikatai kwamba namna hii ina udhaifu. Inategemea lebo za paneli ziwepo na ziwe sahihi. Lebo ikianguka au swichi ikihamishwa, kadi inamwongoza mtu kwenye kifaa kisicho chake. Ndiyo sababu namba za hatua hubaki zilezile za kitabu asili, na toleo la kitabu huandikwa juu ya kadi. Mtengenezaji akibadili hatua ya 14, tunajua ni mstari upi wa kwetu unaosubiri.

Mambo madogo yanayogeuza uamuzi

Makatazo yanahitaji uangalifu kwenye namna zote tatu. "Uondoe kufuli" na "usiondoe kufuli" zinatenganishwa na silabi moja ndogo inayomezwa na kelele. Andika hali unayoitaka: "Kufuli libaki mpaka wote watoke habu."

Vipimo usivigeuze. Kitabu kikisema pini isiingizwe upepo ukizidi mita 12 kwa sekunde, acha m/s. Mtafsiri mwenye nia njema ataandika kilomita 43 kwa saa, hesabu ni sahihi, lakini skrini inaonyesha m/s, na mtu atalinganisha 12 ya skrini na 43 ya karatasi akaona upepo bado ni mdogo sana.

Kama mafundi wako watatoka pande zote za mpaka, jua kwamba Wakenya wengi, wakiwemo wa mitambo 365 ya Ziwa Turkana, umeme wanauita stima. "Umeme" wanaelewa wote, "stima" wa huku watafikiria meli. Hilo dogo. Kubwa ni kurudia jaribio la mpini na watu wa kila upande, maana sijui kitenzi kipi kingine kimegeuka huko kwao.

Ningechagua ipi

Kwa karatasi inayopanda mnarani, ya tatu. Iwe kadi ya nusu A4, imefunikwa plastiki, mstari mmoja kitendo kimoja, visanduku vya namba mahali pa kupima. Safu mbili zibaki chini, pamoja na kitabu asili. Kiswahili kitupu kiende darasani, na hata huko majina ya paneli yaonyeshwe kwa picha.

Ningeibadili hukumu hiyo mahali pamoja tu: kikosi ambacho anayepanda na anayemlinda hawana lugha moja. Hapo safu mbili zipande, kwa gharama ya kadi kuwa mbili na herufi kubwa, lakini upande wa Kiswahili uandikwe kwa vitenzi vya namna ya tatu.

Kabla ya kuchapa, chukua swichi halisi, vali halisi na kufuli. Waite watu wawili au watatu watakaopanda, kila mmoja kwa wakati wake, uwasomee mstari bila kueleza. Angalia mpini umeishia wapi. Tulipomaliza siku ile, niliwasomea mstari mpya, "Swichi `Q3`: mpini kwenye 0." Wote watatu waliugeuza upande mmoja, na wa tatu, yule aliyeniuliza, alikwisha kunyoosha mkono kuchukua kufuli kabla sijafika nusu ya sentensi ya pili.